Simu kwenye mhadhara: namna ya kuandika maoni yenye msimamo bila kumwonea anayekupinga

*Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa pili, chuo kikuu hapa Dar. Nimeandika makala ya maoni kuhusu matumizi ya simu kwenye mihadhara kwa ajili ya gazeti letu la wanafunzi, na mhariri amenirudishia mara mbili. Ya kwanza nilieleza faida na hasara, akasema sina msimamo. Ya pili nikasema simu zipigwe marufuku, akasema sijawatendea haki wanaopinga. Nimekuambatanishia zote mbili. Nawezaje kushika upande na papo hapo nikawa wa haki?*

Marahaba. Nimezisoma rasimu zako kwa utulivu. Mhariri wako yuko sahihi kwa zote mbili, ila hakukuambia kwamba kasoro hizo mbili zina mzizi mmoja: ulianza kuandika kabla hujakaa na watu wanaokupinga.

Rasimu ya kwanza ni insha ya kidato cha nne. "Matumizi ya simu yana faida na hasara nyingi," unaanza, kisha unapanga faida nne, hasara tano, na kumalizia kwa kuwaasa wanafunzi watumie simu vizuri. Shuleni ulipata alama kwa mtindo huo kwa sababu msahihishaji alikuwa anatafuta idadi ya hoja. Msomaji wa gazeti la chuo hahesabu hoja. Amelishika gazeti akiwa kwenye foleni ya kafteria, na anataka kujua kitu kimoja tu: unataka nani afanye nini? Umeandika maneno karibu 700 na swali hilo halina jibu.

Rasimu ya pili inalo jibu. "Uongozi wa chuo upige marufuku simu zote katika kumbi za mihadhara." Tunamjua anayeombwa na tunakijua anachoombwa, na hapo umepiga hatua kubwa. Tatizo liko kwenye aya ya tatu, unapoandika: "Wapo wanaosema simu zinawasaidia kusoma, lakini hao wanatafuta visingizio vya kuchati." Umemkaribisha mgeni sebuleni ili umzabe kofi. Mwanafunzi anayesomea kwa simu kila siku akifika kwenye sentensi hiyo ataliweka gazeti chini, na atakuwa na sababu, maana umemwita mwongo bila kumsikiliza.

Uanahabari wa maoni hauhesabu haki kwa idadi ya aya ulizogawa kwa kila upande. Haki inapimwa kwa jambo moja: je, hoja ya anayekupinga ilipewa nafasi ya kukubadilisha? Kama ombi lako mwishoni lina sura ileile lililokuwa nayo kabla hujawasikia wapinzani, basi huenda ulikuwa sahihi tangu mwanzo, au hukuwasikiliza. Kwa suala la simu, naamini ni hilo la pili. Ngoja tulipitishe ombi lako mbele ya wapinzani mmoja mmoja, tuone litabaki nini.

Wa kwanza ni mwanafunzi asiye na laptopu. Chuoni kwenu, kama vilivyo vyuo vingi nchini, simu ndiyo kompyuta pekee ya wanafunzi wengi. Kitabu cha kozi kiko kwenye simu kama PDF, kwa sababu nakala za maktaba hazitoshi, na kudurufu madesa pale stesheneri ni hela, hasa bumu linapochelewa. Mhadhiri akisema "fungueni jedwali la ukurasa wa 62", mwanafunzi huyu hana mahali pengine pa kufungua. Marufuku yako ingemnyang'anya kitabu na kumwachia mwenye nakala yake ya karatasi aendelee. Aliyeumia si mchati. Aliyeumia ni maskini.

Wa pili ana uoni hafifu, au usikivu hafifu. Mwenye uoni hafifu hukuza maandishi ya ubao kwa kamera ya simu; mwenye usikivu hafifu anaweza kutumia programu inayogeuza sauti kuwa maandishi. Najua utasema, "hao tuwape ruhusa maalumu." Ndivyo wanavyosema wengi wanaotetea marufuku, na inasikika ni busara. Hebu ifuate ruhusa hiyo mpaka ndani ya ukumbi. Siku ya kwanza ya marufuku, simu pekee zitakazoonekana ni za wenye ulemavu. Kila atakayeshika simu atakuwa ametangaza hali yake kwa darasa zima, iwe alitaka au hakutaka, na kila mhadhiri mgeni atamtaka ajieleze upya. Hoja hii haijibiki kwa mstari mmoja, na rasimu yako haikuigusa kabisa.

Wa tatu ni mzazi, au mwenye mgonjwa nyumbani, au anayesoma huku anafanya kazi. Anataka kuona jina likitokea kwenye kioo ili atoke nje kupokea. Huyu hana ugumu mkubwa: simu ikiwa kimya mfukoni na ikitikisika, atajua. Mpe sentensi moja kwenye makala, usimpe aya.

Hao watatu wanalipunguza ombi lako. Wawili wanaofuata wanaligonga kwenye msingi, na hapo ndipo nataka ukae.

Mpinzani wa nne anasema: "Mimi ni mtu mzima. Ada imelipwa. Nikipata sapu ni mimi nitakayerudi likizo kuifanya, wewe inakuhusu nini?" Rasimu yako inamjibu kwa kumwambia kwamba anajidanganya, kwamba simu itamshusha alama. Hata ukiwa sahihi, hujamjibu. Yeye hakubishia hasara. Alisema hasara ni yake. Chuo kikuu si sekondari, na mtu wa miaka 22 ana haki ya kufanya uamuzi mbaya kuhusu muda wake. Ukikubali hilo waziwazi, makala yako inapata nguvu, kwa sababu sasa utalazimika kutafuta hoja ambayo haimhusu yeye. Hoja hiyo ipo, na umeizika mwenyewe kwenye aya ya tano: siku jirani wa safu ya mbele alipokuwa anatazama marudio ya mechi ya Simba na Yanga, ukajikuta unahesabu kona badala ya kuandika. Simu haikuwa yako, hukuchagua kuitazama, na mhadhara ukakupita.

Hiyo ndiyo makala yako. Mengine yote yaipishe.

Na utafiti upo wa kukusaidia. Mwaka 2013 Faria Sana, Tina Weston na Nicholas Cepeda, wakiwa vyuo vikuu vya McMaster na York nchini Kanada, walichapisha majaribio mawili. Wanafunzi walisikiliza mhadhara wa dakika 45 kuhusu hali ya hewa, kisha wakafanya mtihani wa maswali ya kuchagua. Katika jaribio la kwanza wote waliandika notisi kwa laptopu, ila baadhi yao walipewa na kazi nyingine za mtandaoni zisizohusiana na somo. Waliofanya mambo mawili walipata wastani wa asilimia 55, wenzao 66. Jaribio la pili ndilo linalokuhusu wewe. Humo washiriki waliandika kwa kalamu na karatasi. Tofauti ilikuwa mahali walipokaa: baadhi walikuwa wanaona laptopu za watu walioagizwa na watafiti waperuzi mambo mengine, na baadhi hawakuziona. Waliokaa bila kuziona walipata wastani wa asilimia 73. Waliokuwa wanaziona walipata 56, na hawakugusa kifaa chochote.

Sasa sikiliza namna ya kuutumia utafiti huu bila kuuharibu, kwa sababu hapa ndipo makala nyingi za wanafunzi huanguka. Mosi, usiandike kwamba "jirani huumia kuliko mwenye kifaa" kwa kuwa 17 ni kubwa kuliko 11. Hayo ni majaribio mawili tofauti yenye watu tofauti, na mazingira hayakuwa mamoja; huwezi kuyalinganisha kama mizani ya dukani. Pili, vifaa vilikuwa laptopu. Kioo cha simu ni kidogo na mara nyingi kimeinamishwa, kwa hiyo usumbufu kwa jirani unaweza kuwa mdogo zaidi. Tatu, kila jaribio lilikuwa na watu wapatao 40 tu. Mwambie msomaji haya kwa sentensi mbili, ndani ya maandishi, papo hapo unapotaja matokeo. Usiyafiche mwishoni. Msomaji mkali wa kitivo cha sayansi atayaona hata usipoyasema, na akiyaona kabla yako hatakuamini tena katika lolote.

Utakutana na tafiti nyingine nyingi na utatamani kuzipanga zote. Ipo ya mwaka 2017 kutoka Chuo Kikuu cha Texas, Austin, iliyodai kwamba simu iliyolala tu mezani hupunguza uwezo wa kufikiri. Wengine waliorudia jaribio hilo baadaye hawakuona matokeo yale. Ipo ya shule za Uingereza iliyoonyesha alama kupanda kidogo baada ya kupiga marufuku simu, hasa kwa wanafunzi waliokuwa nyuma, na ipo ya Uswidi iliyofuata nyayo zake bila kuona mabadiliko. Tena hizi mbili za mwisho ni za watoto wa shule, na wewe unazungumzia chuo. Utafiti mmoja ulioelezwa vizuri, pamoja na mipaka yake, unatosha kwa makala ya maneno 750. Mtu anayerundika tafiti tano kwa mstari mmojammoja huwa hajasoma hata moja, na wasomaji wa chuo wanalijua hilo.

Halafu futa ile "asilimia 80 ya wanafunzi hutumia simu wakati wa mhadhara". Haina chanzo, na inanukia kubuniwa hata kama hukukusudia. Unaweza kupata takwimu yako mwenyewe kwa mhadhara mmoja. Kaa nyuma, chagua safu chache ambazo unaziona vizuri, hesabu watu waliokaa humo, kisha kila baada ya dakika kumi hesabu simu zilizowaka mikononi au juu ya daftari. Pembeni ya kila hesabu andika mhadhiri alikuwa anafanya nini: anasoma slaidi, anatatua swali ubaoni, ameuliza darasa. Utapata jedwali dogo ambalo hakuna mtu mwingine chuoni analo, na mara nyingi safu ya pembeni ndiyo yenye habari. Ila ripoti kile tu ulichokiona. Kutoka nyuma huwezi kujua nani anasoma PDF na nani yuko Instagram, isipokuwa umchungulie mtu, na hilo usilifanye. Usipige picha vioo vya wenzako. Andika "katika watu 46 wa safu nne, simu 19 zilikuwa zimewaka saa 4:20", kama ndivyo ulivyohesabu, na useme wazi kwamba ni mhadhara mmoja wa kozi moja.

Mpinzani wa tano ndiye mgumu kuliko wote, na kwenye rasimu zako hayumo kabisa. Anasema tatizo si simu, tatizo ni mhadhara. Mhadhiri anasoma slaidi neno kwa neno kwa saa mbili, spika inakwaruza, waliokaa nyuma hawaoni, na jioni slaidi zilezile zitatupwa kwenye grupu la WhatsApp na kiongozi wa darasa. Kwa nini mtu asitazame simu? Wanafunzi wengi wanaliamini hili kwa dhati, na wahadhiri kadhaa pia wangelikubali ukiwauliza faraghani. Ukiliruka, barua ya kwanza itakayofika kwa mhariri itakuwa ya huyu mtu.

Namna ya kumjibu si kumkanusha. Mkubalie kile ambacho ni kweli, kisha onyesha kisichofika. Ningeandika hivi:

> Kuna wanaosema nimekosea adui. Simu, wanasema, ni dalili tu. Ugonjwa ni mhadhiri anayesoma slaidi kwa saa mbili, slaidi ambazo jioni tutatumiwa kwenye grupu. Mpe mwanafunzi mhadhara wa kufikirisha, na simu ataisahau mwenyewe. Sehemu kubwa ya maneno haya ni kweli, na nimekaa kwenye mihadhara ya namna hiyo. Lakini hata mhadhara mzuri una dakika ngumu, dakika ya fomula ndefu au ya maelezo ambayo bado hayajapewa mfano, na ni katika dakika hizo kioo cha jirani kinapovuta zaidi. Kwa hiyo ombi langu lina upande wa pili: wahadhiri watutumie slaidi usiku wa kuamkia mhadhara, ili muda wa ukumbini uwe wa kueleza na kuuliza.

Tazama aya hiyo inafanya nini. Mpinzani amesema hoja yake kwa nguvu zake zote, kwa maneno ambayo yeye mwenyewe angeyatumia. Hakuna neno "eti", hakuna "visingizio". Kisha mwandishi amekubali, na kukubali kwake kumezaa kitu: ombi limeongezeka sehemu ambayo haikuwepo. Hapo msomaji wa upande ule anaona kwamba kusikilizwa kwake hakukuwa kwa adabu tu.

Sasa turudi kwenye ombi lenyewe. Marufuku ya jumla imekufa mikononi mwa mpinzani wa kwanza na wa pili. Kuacha mambo yalivyo hakukubaliki, kwa sababu ya mechi iliyokupotezea mhadhara. Kilichobaki ni kumlinda asiyetaka kuona skrini za wengine, bila kumnyang'anya kifaa anayekihitaji. Jibu la haraka litakalokujia ni kutenga safu tano za mbele ziwe bila skrini, na watumiaji wakae nyuma. Lina mantiki, kwa kuwa skrini iliyo nyuma yako huioni.

Lipitishe tena kwa wapinzani kabla hujaliandika. Yule mwenye uoni hafifu anahitaji kukaa mbele, na anahitaji simu. Ombi lako limemfukuza mahali pekee panapomfaa. Hali kadhalika mwenye usikivu hafifu, anayehitaji kuwa karibu na mhadhiri. Kwa hiyo ugawe ukumbi kwa ubavu, kwa kufuata njia ya katikati: upande mmoja, kuanzia safu ya kwanza hadi ya mwisho, hauna skrini; upande wa pili uko huru. Pande zote mbili zina viti vya mbele. Anayehitaji simu anakaa mbele upande ulio huru, na hakuna atakayejua kama anakuza ubao au anasoma PDF, wala haimhusu mtu. Anayetaka utulivu anakaa upande wa pili, na mbele yake haoni skrini ya mtu. Huyo mwenye PDF asiye na laptopu naye yuko salama upande ulio huru, ingawa atakuwa na jirani wa mechi, na hilo uliseme kama gharama halisi ya pendekezo lako. Makala ya maoni isiyokiri gharama hata moja haiaminiki.

Kuna mpaka mwingine. Ukigawa ukumbi ambao wanafunzi wamejaa hadi wengine wanasikilizia madirishani, mgawanyo hautaheshimiwa. Mtu atakaa palipo na kiti. Kwa hiyo liombee kozi ambazo kila mwanafunzi ana kiti. Na usiuombe uongozi wa chuo kizima. Iombe idara yako, kwa kozi moja, kwa muhula mmoja. Mkuu wa idara anaweza kuamua hilo kwenye kikao cha kawaida. Ombi la chuo kizima lingezunguka kwenye kamati mpaka wewe umehitimu. Kabla ya hapo soma kanuni za wanafunzi za chuo chenu na mwongozo wa kozi. Inawezekana kuna kipengele kuhusu simu ambacho hakuna anayekikumbuka, na ni aibu kuomba kwa nguvu kitu ambacho tayari kimeandikwa.

Ukishafika hapo, kuandika kunakuwa kwepesi. Anza na mechi, kwa sababu ni yako na inabeba hoja nzima:

> Mhadhara wa takwimu ulikuwa umefika kwenye mfano niliokuwa nausubiri, na sikuuona. Safu moja mbele yangu simu ilikuwa imelazwa juu ya daftari, ikionyesha marudio ya mechi ya Simba na Yanga, na mimi, ambaye simu yangu ilikuwa ndani ya begi, nilikuwa nahesabu kona. Jirani yangu ana haki ya kuchezea muda wake. Wa kwangu hana. Ndiyo maana naiomba idara yetu, kuanzia muhula ujao, itenge upande mmoja wa ukumbi kwa wanafunzi wasiotumia skrini.

Sentensi tano, na msomaji anajua kilichotokea, kwa nini kina uzito, na nani anaombwa nini. Hakuna "katika ulimwengu wa leo wa sayansi na teknolojia". Ufunguzi huo wa rasimu yako ya pili unaweza kubandikwa juu ya makala yoyote, kuanzia ya benki hadi ya kilimo, na kwa hiyo hauna kazi kwenye yako.

Baada ya hapo weka utafiti wa Kanada na mipaka yake, kisha hesabu zako mwenyewe. Mpinzani wa nne mweke mapema, kwa sababu hoja ya jirani inazaliwa kutoka kwake. Asiye na laptopu na wenye ulemavu waje katikati, na waje kama sababu ya ombi lako kuwa na umbo la ubavu badala ya marufuku. Wasionekane kama kikwazo ulichokiruka. Mpinzani wa tano awe karibu na mwisho, kwa sababu ndiye atakayebaki kichwani mwa msomaji, na kwa sababu kumjibu kunakuletea ombi la slaidi. Mzazi au mwenye mgonjwa utampachika popote. Usitenge sehemu yenye kichwa "Maoni ya wanaopinga"; sehemu hiyo huwa kama chumba cha kusubiria, na wasomaji huiruka.

Kuhusu lugha, angalia viunganishi vyako. Katika rasimu ya pili kila hoja ya mpinzani inafuatwa na "lakini" ndani ya sentensi ileile. Mwache amalize. Weka nukta. Mpe sentensi ya pili ikibidi, kisha ndipo uanze yako. Pia punguza "wanafunzi wengi wanasema". Tafuta mmoja aliyesema kweli, muombe ruhusa, umnukuu alivyosema. Kama hataki jina litokee, "mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi" inatosha, mradi mhariri anajua ni nani.

Kabla ya kuituma, fanya jambo moja. Mtafute mtu anayeamini kwa dhati kwamba tatizo ni mihadhara mibovu, na mwingine anayesomea kwa simu kwa kukosa laptopu. Wape waisome ile aya inayowahusu tu, usiwape makala nzima, na uwaulize: "Hivi ndivyo unavyofikiri?" Usiwaulize kama wanakubaliana nawe. Wakikuambia "ndiyo, ila umesahau hili", liongeze, hata kama litakugharimu maneno 40 ambayo ulitaka kuyatumia kwa hoja yako. Wakikuambia kwamba umewaweka maneno mdomoni, iandike upya aya hiyo ukiwa umekaa nao. Ukimwambia mhariri kwamba aya hizo zimesomwa na wahusika wenyewe, hatakuwa na sababu ya kukurudishia kwa kosa lilelile.

Na kichwa cha habari, nakushauri kibebe ombi: "Tugawane ukumbi: upande mmoja bila skrini". Hicho cha "Athari za simu kwa wanafunzi wa vyuo vikuu" mwachie anayeandika tasnifu.